Mkopo au hisa mpya? Namna ya kutafuta nukta ya usawa wa faida kwa kila hisa

Kampuni inayotaka kupanuka bila kuwa na akiba ya kutosha hubaki na njia mbili kubwa: ikope, au iuze hisa mpya. Mkopo huja na riba, nayo hulipwa mwaka uwe mzuri au mbaya, lakini idadi ya hisa hubaki ileile. Hisa mpya hazidai riba, ila kila faida itakayopatikana kuanzia hapo itagawanywa kwa mafungu mengi zaidi. Faida ikiwa ndogo, riba ndiyo inayouma. Faida ikiwa kubwa, kinachouma ni kugawana. Katikati kuna kiwango kimoja cha faida kabla ya riba na kodi ambapo mwenye hisa anapata kiasi kilekile kwa njia zote mbili. Kiwango hicho ndicho nukta ya usawa.

Kuikokotoa ni kazi ya dakika chache. Kazi ngumu ni kujua inasema nini na inanyamaza kuhusu nini, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Andika namba za njia zote mbili

Tuchukue kampuni moja ya mfano na kwenda nayo hadi mwisho. Fedha zote ni kwa milioni, za sarafu yoyote ile, na hisa nazo ni kwa milioni.

Kampuni ina hisa 10 na mkopo wa zamani wa 200 kwa riba ya asilimia 10, yaani riba ya 20 kwa mwaka. Faida yake kabla ya riba na kodi ni 110. Kodi ni asilimia 30. Inahitaji 300 kujenga kiwanda cha pili, na inatarajia kiwanda hicho kitaongeza faida kabla ya riba na kodi kwa 40, ifike 150.

Njia ya kwanza ni kukopa zote 300 kwa asilimia 12. Riba mpya ni 36, na ukijumlisha na ile ya zamani, kampuni italipa riba ya 56. Hisa zinabaki 10.

Njia ya pili ni kuuza hisa mpya. Bei ya kuuzia ni 64 kwa hisa, lakini baada ya kulipa washauri, wanasheria na madalali, kinachoingia kwenye akaunti ya kampuni ni 60 kwa hisa. Kwa hiyo zinahitajika hisa mpya 5, jumla ziwe 15. Riba inabaki 20.

Angalia hiyo 60. Bei ya kutumia ni ile inayobaki mkononi baada ya gharama, si bei iliyoandikwa ubaoni sokoni. Mnunuzi wa hisa nyingi kwa mpigo karibu kila mara atataka punguzo chini ya bei ya soko, na anayetumia bei ya soko anajikuta ameandika hisa chache kuliko zitakazouzwa kweli. Kosa hilo huipendezesha njia ya hisa bila mtu kugundua.

Riba ya zamani nayo isisahaulike. Iko kwenye njia zote mbili, kwa hiyo ni rahisi kudhani inajifuta yenyewe. Haijifuti, kwa sababu inagawanywa kwa hisa 10 upande mmoja na hisa 15 upande wa pili.

Hatua ya 2: Sawazisha pande mbili

Faida kwa kila hisa ni faida kabla ya riba na kodi, ukitoa riba, ukitoa kodi, kisha ukagawanya kwa idadi ya hisa. Tuite faida hiyo isiyojulikana F:

```
(F - 20) × 0.7 / 15  =  (F - 56) × 0.7 / 10
```

Ile 0.7, yaani kinachobaki baada ya kodi ya asilimia 30, iko pande zote, inaondoka. Zidisha kwa mkato:

```
10 × (F - 20) = 15 × (F - 56)
10F - 200 = 15F - 840
5F = 640
F = 128
```

Hakiki kwa kurudisha 128 pande zote. Kwa hisa: 128 toa 20 ni 108, baada ya kodi 75.6, gawanya kwa 15 unapata 5.04. Kwa mkopo: 128 toa 56 ni 72, baada ya kodi 50.4, gawanya kwa 10 unapata 5.04. Zikitofautiana, hata kwa senti, kuna namba umeiandika vibaya.

Kuna njia fupi ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu inaonyesha kinachoendelea ndani:

```
F = riba ya zamani + riba mpya × (hisa zote / hisa mpya)
F = 20 + 36 × (15 / 5) = 128
```

Ukiwa na hisa za upendeleo, yaani zile zinazolipwa gawio lao kabla ya hisa za kawaida, kanuni hii fupi haitoshi. Gawio lake hulipwa kutoka kwenye faida iliyokwisha kukatwa kodi, kwa hiyo lazima ligawanywe kwa 0.7 kabla ya kuwekwa pamoja na riba. Vilevile nchi nyingi zina kikomo cha riba inayoruhusiwa kupunguza kodi. Mkopo mkubwa ukivuka kikomo hicho, ile 0.7 haifutiki tena, na inabidi ukokotoe kodi ya kila upande peke yake.

Hatua ya 3: Elewa 128 imetoka wapi

Watu wengi huishia kwenye jibu. Hebu tuliangalie kwa karibu zaidi. Kwenye nukta ya usawa, faida kwa kila hisa ni 5.04, na hisa inauzwa kwa 60 safi. Gawanya 5.04 kwa 60, unapata asilimia 8.4. Sasa chukua riba ya mkopo, asilimia 12, uikate kodi ya asilimia 30: ni asilimia 8.4.

Hii si bahati. Nukta ya usawa ni pale ambapo fungu la faida unalomkatia mwenye hisa mpya, kwa kila shilingi aliyoleta, linalingana na riba baada ya kodi ambayo ungemlipa benki kwa shilingi hiyohiyo. Juu ya hapo mwenye hisa mpya anachukua zaidi ya benki. Chini ya hapo benki ndiyo inayochukua zaidi.

Ukishaliona hilo, unajua mara moja namba ipi inayoisukuma nukta. Bei ya hisa ikishuka hadi 48 safi, unahitaji hisa mpya 6.25, na nukta inashuka hadi 113.6: kuuza hisa kwa bei ya chini ni ghali, kwa hiyo mkopo unashinda mapema zaidi. Bei ikipanda hadi 75, hisa mpya ni 4 tu na nukta inapanda hadi 146. Riba nayo ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 14, huku bei ikibaki 60, nukta inatoka 128 hadi 146. Kwa hiyo usiiweke 128 kwenye taarifa ya bodi kama namba iliyochongwa kwenye jiwe. Iandike pamoja na bei na riba iliyoizaa.

Hatua ya 4: Linganisha na faida unayoitarajia, na ile ya mwaka mbaya

Matarajio ni 150, juu ya 128. Kwa hisa, faida kwa kila hisa itakuwa 6.07. Kwa mkopo itakuwa 6.58. Leo, kabla ya upanuzi, ni 6.30. Wenye hisa wa zamani wanaona hisa mpya zinawapunguzia na mkopo unawaongezea, na hapo ndipo vikao vingi vinapofungwa.

Visifungwe. Kutoka 150 hadi 128 ni mteremko wa asilimia 15 hivi. Swali la kuuliza ni kama biashara hii imewahi kuteremka hivyo ndani ya mwaka mmoja. Tuseme faida za miaka mitano iliyopita ni 98, 118, 94, 105 na 110. Kutoka 118 hadi 94 ni mteremko wa asilimia 20. Basi imewahi, na si zamani. Mteremko kama huo ukitokea baada ya upanuzi, 150 inakuwa 120. Hapo hisa zinatoa 4.67 na mkopo 4.48.

Kuna mwaka mwingine ambao watu huusahau kabisa, nao ni mwaka wa ujenzi. Fedha zimekwisha kuingia, kiwanda hakijazalisha kitu, faida bado ni 110. Hisa zinatoa 4.20, mkopo 3.78. Kwa hiyo mkopo unaosifiwa kwa 6.58 utaanza safari yake kwa kuonyesha namba mbaya kuliko mwenzake. Kanuni za uhasibu za kimataifa huifanya riba ya kipindi cha ujenzi iingizwe kwenye gharama ya mali inayojengwa, kwa hiyo kwenye vitabu huenda 3.78 isionekane. Lakini fedha za kulipa riba hiyo zinatoka vilevile. Kwa uamuzi huu, mimi huihesabu kama imelipwa.

Ukipenda mchoro, weka faida kabla ya riba na kodi kwenye mhimili wa chini na faida kwa kila hisa kwenye mhimili wa wima. Mstari wa hisa unaanza sifuri pale faida ilipo 20, wa mkopo unaanza sifuri pale faida ilipo 56, na ule wa mkopo unapanda kwa ukali zaidi. Vinakutana kwenye 128. Weka alama kwenye 110, 120 na 150, na wajumbe wa bodi wasiopenda hesabu wataelewa kwa kutazama tu.

Hatua ya 5: Usiichukue 6.58 kama ushahidi kwamba mradi ni mzuri

Hapa ndipo hesabu hii hudanganya watu wazima. Faida kwa kila hisa inapanda kutoka 6.30 hadi 6.58 kwa mkopo. Kwa nini? Kwa sababu kiwanda kinaleta 40 na riba yake ni 36. Zinabaki 4, baada ya kodi 2.8, gawanya kwa hisa 10, ni 0.28. Basi. Mradi wowote unaozidi riba ya benki, hata kwa kiasi kidogo, utaipandisha namba hiyo ukiugharamia kwa mkopo.

Lakini kiwanda kinarudisha 40 kwa 300, yaani asilimia 13.3 kabla ya kodi. Kama biashara ya aina hii ina hatari inayostahili zaidi ya hapo, mradi haufai, hata ukiongeza faida kwa kila hisa. Uamuzi wa kujenga au kutojenga hupimwa kwanza, kwa thamani ya sasa ya fedha za mradi na kwa kiwango kinacholingana na hatari yake. Nukta ya usawa inakuja baada ya jibu kuwa ndiyo.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo. Kampuni yenye deni kubwa ni ya hatari zaidi kwa mwenye hisa, na soko linaweza kuipa bei ya chini kwa kila shilingi ya faida. Tuseme kwa njia ya hisa, soko lingelipa mara 11 ya faida: 6.07 mara 11 ni kama 66.7. Kwa njia ya mkopo, faida ya 6.58 inafikisha bei hiyohiyo ikiwa soko litalipa mara 10.14. Kwa hiyo soko likipunguza kidogo tu, kutoka mara 11 hadi mara 10, ile faida yote ya mkopo imekwenda na mwenye hisa amebaki na hatari.

Hatua ya 6: Soma masharti ya mkopo kabla ya kushangilia

Nukta ya usawa inaiona riba tu. Haioni marejesho ya mkopo wenyewe, na haioni masharti ya benki. Mkopo wa 300 wa miaka 6 unaweza kudai marejesho ya 50 kila mwaka juu ya riba. Hayo hayapunguzi faida kwenye vitabu, lakini yanapunguza fedha za kulipia mishahara na gawio. Tengeneza jedwali la fedha la kila mwaka, lenye mwaka wa 120 ndani yake, na uone kama marejesho yanalipika bila kukopa tena.

Masharti ndiyo yanayouma zaidi kwenye mfano wetu. Benki imeandika kwamba faida kabla ya riba na kodi isipungue mara 2.5 ya riba ya mwaka. Riba ni 56, kwa hiyo mstari wa hatari ni 140.

Linganisha namba tatu: matarajio 150, mstari wa benki 140, nukta ya usawa 128. Yaani kampuni itavunja masharti ya mkopo wakati mkopo bado unatoa faida kubwa kwa kila hisa kuliko hisa mpya. Mteremko wa asilimia 7 tu kutoka kwenye matarajio unatosha. Na mwaka wa ujenzi, faida ikiwa 110, uwiano ni 1.96, sharti limevunjwa tangu siku za mwanzo. Benki ikitaka inaweza kudai mkopo wote ulipwe, kupandisha riba, au kuzuia gawio.

Hali ikiwa hivi, faida kwa kila hisa imepoteza usemi. Namba inayoamua ni ile inayofikiwa kwanza ukishuka kutoka kwenye matarajio, na hapa ni 140.

Hatua ya 7: Jaribu mchanganyiko

Hakuna aliyesema lazima iwe kimoja. Kopa 150 kwa asilimia 12, uza hisa 2.5 kwa 60. Riba mpya ni 18, jumla 38, na hisa ni 12.5.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Tafuta nukta ya usawa kati ya mchanganyiko huu na njia ya hisa tupu, utapata 128. Itafute kati ya mchanganyiko na mkopo mtupu, utapata 128 tena. Ilimradi bei ya hisa na kiwango cha riba havibadiliki, mchanganyiko wowote unapita kwenye nukta ileile, na kinachobadilika ni ukali wa mstari. Kwa hiyo usitumie nukta ya usawa kuamua ukope kiasi gani. Haina jibu la swali hilo.

Anayelijibu ni sharti la benki. Kwa riba ya 38, mstari wa hatari ni 95 badala ya 140. Faida ikiwa 150, faida kwa kila hisa ni 6.27, karibu sawa na 6.30 ya leo. Mteremko ukiileta 120, uwiano na riba ni 3.16, hakuna tatizo. Mwaka wa ujenzi, kwa 110, uwiano ni 2.89. Palipobaki wazi ni mahali pamoja tu: mteremko wa asilimia 20 ukiangukia mwaka wa ujenzi wenyewe, 110 inakuwa 88, chini ya 95. Kwa hilo, iombe benki muda wa neema wa mwaka mmoja kwenye sharti hilo, au uchukue mkopo kwa awamu kadiri ujenzi unavyokwenda ili riba isianze yote kwa pamoja. Zungumza kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, ombi lilelile lina ada.

Mkopo mdogo huenda ukapata riba nafuu pia, kwa kuwa benki inaona fedha nyingi zaidi za wenye hisa zitakazobeba hasara kabla yake. Ikiwa hivyo, nukta ya mchanganyiko haitakuwa tena 128, na ni lazima urudie Hatua ya 2 kwa riba mpya.

Mambo mawili hayamo kwenye hesabu yoyote. La kwanza ni udhibiti: mwenye asilimia 52 ya hisa 10 akiacha kununua zile mpya, kwenye mchanganyiko huu anabaki na asilimia 41.6, na kwenye njia ya hisa tupu asilimia 34.7. Mara nyingi hiyo ndiyo sababu halisi ya mtu kupigania mkopo kikaoni, ingawa atazungumza kuhusu faida kwa kila hisa. La pili ni muda. Hisa mpya zikitolewa katikati ya mwaka, taarifa ya mwaka huo hutumia wastani wa hisa kwa kuzingatia miezi zilizokuwapo, si 12.5 kamili. Kwa uamuzi wa kugharamia upanuzi, tumia mwaka kamili wa kawaida, usije ukadanganywa na mwaka wa kwanza uliokatika nusu.

Hatua ya 8: Rudia siku bei inapojulikana

Bei ya kuuzia hisa hupangwa mwishoni, mara nyingi wiki kadhaa baada ya bodi kukubali. Tuseme imeshuka na kinachoingia ni 54 safi. Kupata 150 unahitaji hisa 2.78 badala ya 2.5. Nukta ya usawa inashuka hadi 120.8, na faida kwa kila hisa kwa matarajio ya 150 inashuka kutoka 6.27 hadi 6.14. Mstari wa benki unabaki 95, kwa sababu riba haijaguswa.

Kwa hiyo azimio la bodi liwe na bei ya chini kabisa inayokubalika, baada ya gharama, na liseme wazi kitakachofanyika bei ikienda chini ya hapo: kuahirisha, kuuza hisa chache na kujenga nusu ya kiwanda, au kuongeza mkopo hadi kiasi ambacho mara 2.5 ya riba yote bado haizidi faida ya mwaka wa ujenzi. Kwa 110 na riba ya asilimia 12, kiasi hicho ni mkopo mpya wa 200, si zaidi.